Meza isiyo na VAT inakuwaje ghali kuliko yenye VAT?

*Wakuu naomba kueleweshwa. Natengeneza meza, VAT sijasajiliwa. Muuza mbao ananiuzia na VAT, na duka linalochukua meza zangu nalo linauza na VAT. Sasa si serikali inakula mara mbili kwenye meza moja? Halafu mwenye duka kila siku ananiambia meza zangu zinamgharimu kuliko za fundi mwenye VAT, wakati mimi hata VAT simtozi. Inakuwaje hii?*

Mkuu, mwenye duka hakuzingui. Na hilo la kula mara mbili nalo lina ukweli, ila sio kwamba VAT ndo ilivyotengenezwa, ni kwa sababu wewe umekaa katikati ya mnyororo na hujasajiliwa. Wenzako wa mbele na wa nyuma kodi inawapitia tu mkononi, kwako inafika inakwama. Tupige hesabu utaiona mwenyewe inakwama wapi na shilingi ngapi, maana hii kitu ukielezwa kwa maneno matupu unaitikia tu halafu kesho umesahau.

Tuweke kiwango cha asilimia 20. Sio kwamba ndo cha kwenu, kila nchi ina chake, mimi nimekichukua kwa sababu hesabu zake zinatoka bila mkia. Na namba nitazitaja tupu bila pesa ya nchi yoyote. Tuanze na mnyororo ambao wote watatu wamesajiliwa, yaani muuza mbao, fundi, na duka, halafu baadae tutamtoa fundi wa VAT tukuweke wewe tuone kinachobadilika.

Muuza mbao ana miti yake mwenyewe, tuchukulie hajanunua kitu kwa mtu ili tusijichanganye. Anauza mbao za meza moja kwa 1,000, anaongeza VAT 200, fundi anamlipa 1,200. Ile 200 sio ya muuza mbao, ameishika tu, na kwenye ritani yake, ile fomu ya kodi anayojaza, anaipeleka yote serikalini.

Fundi anatengeneza meza. Kazi yake, mafundi wasaidizi wake na faida yake vyote pamoja tuseme ni 1,500. Sasa hapa ndo watu wanapoteleza, bei yake anaijenga juu ya 1,000, sio juu ya 1,200. Kwa nini? Kwa sababu ile 200 ataidai serikalini, kwahiyo sio gharama yake. Meza inakuwa 2,500, anaweka VAT 500, duka linamlipa 3,000. Ikifika siku ya ritani anaandika vitu viwili, VAT aliyotoza kwenye mauzo ambayo ni 500, na VAT aliyolipa kwenye manunuzi ambayo ni 200. Anatoa moja kwenye nyingine, anapeleka 300. Tazama hiyo 300 ni nini, ni asilimia 20 ya 1,500, yaani ya kile alichoongeza yeye kwenye zile mbao. Ndo maana ikaitwa kodi ya ongezeko la thamani, japo kwenye karatasi hakuna mtu anayekaa kupima ongezeko la thamani, watu wanatoa VAT ya manunuzi kwenye VAT ya mauzo basi, ongezeko linajipima lenyewe.

Duka linafanya hivyohivyo. Gharama yake ni 2,500, kodi ya pango, mishahara na faida ni 1,500, bei inakuwa 4,000, VAT 800, mnunuzi wa mwisho anatoa 4,800. Duka limetoza 800, lilishalipa 500 kwa fundi, linapeleka 300.

Jumlisha zilizofika serikalini. Muuza mbao 200, fundi 300, duka 300, jumla 800. Na 800 ni asilimia 20 ya 4,000, bei ya mwisho kabla ya kodi. Hakuna hata senti iliyotozwa mara mbili. Wote watatu walipeleka hela ndio, ndo maana unawaona kila mwezi wanalalamika, lakini ukikagua mfuko wa kila mmoja utakuta muuza mbao kabaki na 1,000 yake, fundi na 1,500 yake, duka na 1,500 yake, kama vile kodi haipo. Aliyetoa 800 akakosa pa kuidai ni yule aliyeichukua meza akaiweka sebuleni. Yeye hauzi meza, hajazi ritani, hana VAT ya mauzo ya kutolea hiyo 800. Kwake ndo mnyororo unaishia na kodi nayo inatua hapohapo.

Sasa utauliza kwa nini wasingeitoza tu 800 dukani wakaacha usumbufu wote huu wa katikati. Zipo kodi za hivyo, mauzo ya rejareja tu ndo yanatozwa. Shida yake ni kwamba hela yote inategemea mtu mmoja wa mwisho, duka likikwepa 800 yote imeenda. Kwenye VAT duka likikwepa inapotea 300, maana 500 ilishakusanywa huko nyuma kwa vipande. Halafu kuna kitu kingine kizuri zaidi, fundi ana hamu ya kupata ankara halali ya muuza mbao kwa sababu bila hiyo haidai 200 yake. Kwahiyo mnunuzi anamsukuma muuzaji atoe karatasi, na karatasi hiyo inabaki ushahidi wa mauzo ya muuzaji. Ila usiwasikilize wanaosema mfumo unajilinda wenyewe kabisa, kwa mnunuzi wa mwisho hiyo hamu haipo, yeye risiti haimfaidii chochote, ndo maana nchi nyingine zimefika mpaka kuchezesha bahati nasibu ya risiti ili watu wazidai.

Kabla ya VAT hali ilikuwa kweli kama unavyohisi wewe. Ujerumani Magharibi kwa mfano, mpaka mwaka 1967 walikuwa na kodi ya mauzo ghafi, kila anayeuza anakatwa asilimia ya mauzo yake yote, alicholipa nyuma hakitambuliwi. Januari 1968 wakahamia VAT. Wafaransa walishawatangulia mwaka 1954, kwa kazi ya afisa wao wa kodi Maurice Lauré. Kile kiwango cha Wajerumani kilikuwa kidogo, lakini tuweke asilimia 20 yetu ileile kwenye mfumo ule uone. Mbao 1,000 na kodi 200. Fundi gharama yake sasa ni 1,200 kwa sababu hadai kitu, anaongeza 1,500 yake inakuwa 2,700, kodi 540, anauza 3,240. Duka linaongeza 1,500 inakuwa 4,740, kodi 948, mnunuzi anatoa 5,688. Serikali imepata 1,688 kwenye meza ileile ambayo VAT ingechukua 800. Na uone ujanja ambao kampuni kubwa ilikuwa na sababu ya kuufanya, inamnunua muuza mbao na fundi wote wanakuwa kampuni moja, hakuna mauzo katikati, kodi inakatwa mara moja tu mwishoni. Yaani kodi yenyewe ilikuwa inawaua wadogo ikiwabeba wakubwa. VAT haijali mnyororo una watu watatu au thelathini, mwisho wake ni asilimia ileile ya bei ya mwisho.

Ilimradi mnyororo usikatike. Na sasa tunakuja kwako.

Tumtoe fundi aliyesajiliwa tukuweke wewe. Mbao unanunua 1,200 kama yeye, ndani yake kuna 200 ya VAT. Wewe hujazi ritani, huna pa kuidai hiyo 200. Kwako sio kodi tena, ni gharama kama gundi na misumari. Unaongeza 1,500 yako ileile, meza inatoka 2,700, na kwa kuwa hujasajiliwa huweki VAT juu. Kwenye risiti yako neno VAT halipo, unaona umemuuzia mwenye duka bila kodi. Kumbe ile 200 imo ndani ya bei, imejificha tu haionekani.

Mwenye duka sasa. Kwa fundi mwenye VAT anatoa 3,000 lakini 500 anaidai, gharama yake halisi ni 2,500. Kwako anatoa 2,700 na hana cha kudai, gharama yake halisi ni 2,700. Umeona? Mkononi anakulipa 300 pungufu lakini kwenye vitabu vyake wewe ni ghali kwa 200, na hiyo 200 ni ileile ya mbao. Mfanyabiashara aliyesajiliwa haangalii jumla iliyopo chini ya ankara, anaangalia bei bila VAT. Kwahiyo mwenye duka anapokwambia meza zako zinamgharimu anaongea hesabu, hakutafutii sababu ya kukushusha bei.

Na haiishii hapo. Duka linachukua 2,700 linaongeza 1,500, inakuwa 4,200, linaweka VAT asilimia 20 ambayo ni 840, mnunuzi anatoa 5,040. Duka halina VAT ya manunuzi ya kutoa, linapeleka 840 yote. Ukijumlisha na 200 ya muuza mbao serikali imepata 1,040. Ile meza ya mnyororo uliosajiliwa wote ilitoa 800. Imezidi 240, na bei ya mnunuzi nayo imezidi 240 hiyohiyo, kutoka 4,800 mpaka 5,040. Igawe hiyo 240 uone inatoka wapi, 200 ni VAT ya mbao iliyokwama kwako, na 40 ni asilimia 20 ya hiyo 200, maana duka limetoza kodi juu ya bei ambayo ndani yake tayari kuna kodi. Hiyo ndo kula mara mbili uliyoinusa. Ipo kweli, ila imetokea kwa sababu mtu wa katikati yuko nje ya VAT.

Wengi hii inawashangaza kwa sababu tumezoea kuamini asiye na VAT ndo anaipunja serikali. Inategemea amekaa wapi. Asiyesajiliwa akiwa mwanzoni kabisa, tuseme muuza mbao, anauza 1,000 bila VAT, fundi aliyesajiliwa hana cha kudai, anauza 2,500 na VAT 500 anaipeleka yote 500, duka 300, jumla 800. Serikali haijapoteza kitu, wa mbele kaokota alichoacha wa nyuma. Akiwa katikati serikali inapata zaidi, tumeona. Akiwa mwishoni ndo inapoteza. Duka lisilosajiliwa lingenunua meza 3,000 kwa fundi mwenye VAT, likaongeza 1,500, likauza 4,500 badala ya 4,800, na iliyopotea ni 300, kodi ya lile ongezeko la duka peke yake. Zile 500 za nyuma zimebaki ndani ya bei, mnunuzi kazilipa bila kujua.

Kwa hiyo swali lako la kweli sio VAT ni nzuri au mbaya, ni wateja wako ni akina nani. Ukimuuzia mtu wa nyumbani moja kwa moja bila kupitia duka, wewe usiyesajiliwa unauza 2,700, na mwenzako aliyesajiliwa kwa kazi ileile anauza 2,500 na VAT 500, inakuwa 3,000. Mtu wa nyumbani hadai kitu, yeye anaangalia jumla tu, atakuja kwako. Hapo kutosajiliwa kunakupa nafasi ya 300. Lakini mteja akiwa ni duka au ofisi iliyosajiliwa mambo yanageuka, wewe ni ghali kwa 200. Na kama umelazimika kumshushia mwenye duka mpaka 2,500 ili ulingane na mwenzako, basi ujue ile 200 umeilipa wewe mfukoni, 1,500 yako imekuwa 1,300.

Chukua mauzo yako ya mwaka mmoja uyagawe mafungu mawili, waliosajiliwa na wasiosajiliwa. Fungu la kwanza likiwa kubwa na vifaa unavyonunua vina VAT nyingi ndani, kujisajili kwa hiari hata kama hujafika kiwango cha lazima kunaweza kukulipa. Nchi nyingi wanaruhusu, masharti yanatofautiana. Gharama yako ikiwa zaidi ni kazi ya mikono na vifaa kidogo, hiyo VAT iliyokwama ni ndogo na huenda usumbufu wa vitabu ukaimeza yote, maana mishahara haina VAT ya kudai. Na ukishavuka kile kiwango cha mauzo ghafi kilichowekwa na sheria ya kwenu basi mjadala umeisha, unasajiliwa utake usitake.

Ukiingia kuna vitu viwili ambavyo nimeona vinawaumiza mafundi wapya, ngoja nivieleze vizuri.

Cha kwanza ni bei. Mtu amesajiliwa leo, kesho anachukua bei yake ya zamani 2,700 anaongeza asilimia 20 juu, inakuwa 3,240. Amesahau kuwa ndani ya 2,700 kulikuwa na 200 ya mbao ambayo sasa anaidai. Alitakiwa aitoe kwanza, abaki na 2,500, ndo aweke 500 juu. Bei yake kabla ya VAT ikibaki 2,700 duka linamuona bado ghali vilevile, anaanza kusema usajili haujamsaidia. Kosa la pili la hapohapo ni la kurudi nyuma, mtu amepokea 3,000 yenye VAT ndani anataka kujua VAT ni kiasi gani, anapiga asilimia 20 ya 3,000 anapata 600. Sio hivyo. Asilimia 20 ilipigwa juu ya 2,500, sio juu ya 3,000. Kwa kiwango hiki jumla unaigawa kwa 6, yaani 20 juu ya 120, unapata 500. Ukikosea hapa unapeleka 100 zaidi kila meza na hakuna atakayekuambia, utaona tu hela haikai. Namna ya kujikagua ni rahisi, toa VAT uliyopata kwenye jumla, kinachobaki zidisha asilimia 20, kama hairudi ileile umekosea.

Cha pili ni muda, na hiki ndo kinaangusha watu hata wenye faida. Kwa kawaida VAT ya mauzo inahesabika umeshatoa ankara au umeshakabidhi mzigo, hata kama hujalipwa. Umelipeleka duka meza 10, ankara 30,000, ndani yake VAT 5,000. Duka linakulipa baada ya miezi miwili. Ritani yako ya mwezi huu inataka 5,000 toa VAT ya mbao 2,000, yaani 3,000 unaitoa mfukoni kwa hela ambayo hujaishika. Na mbao nazo ulishalipia. Kwenye karatasi VAT haikugusi, kwenye droo ya hela inakugusa sana. Baadhi ya nchi zina utaratibu wa wadogo kuhesabu VAT pale tu hela inapoingia, uliza kama kwenu upo. Kama haupo basi makubaliano na duka yawe ya muda mfupi kuliko tarehe yako ya ritani, au angalau sehemu ya VAT walipe kabla. Na hela ya VAT iweke pembeni siku unayoipokea, usiichanganye na ya mbao, wengi waliofungiwa hawakuwa wezi, walizungusha hela isiyo yao wakakuta tarehe imefika.

Halafu kwa sasa ambapo hujasajiliwa, usije ukamsikiliza mwenye duka akikwambia umwandikie tu VAT kwenye risiti ili adai. Huna namba ya usajili, hiyo karatasi haimpi haki ya kudai, akikaguliwa inakataliwa analipa na adhabu. Na wewe sheria za nchi nyingi zinasema ukiandika VAT, hiyo VAT ni deni lako serikalini hata kama hukutakiwa kuitoza. Kuna matapeli wa makusudi wanaokaa katikati ya mnyororo, wanatoza ile 500, wanampa mnunuzi ankara, anaidai, na wao wanayeyuka bila kupeleka. Serikali inajikuta inarudisha hela ambayo haikuwahi kuipokea. Ndo maana siku hizi ankara zinapekuliwa namba kwa namba, na mwenye duka makini anahakiki namba ya usajili ya anayemuuzia kabla hajalipa.

Kuna neno moja litakuja kukuchanganya, msamaha. Bidhaa iliyosamehewa VAT na bidhaa ya kiwango sifuri mnunuzi anaziona sawa, zote hazina VAT kwenye risiti. Nyuma ya pazia ni tofauti kabisa. Tuseme meza zimewekwa kiwango sifuri pale dukani, mfano duka linaziuza nje ya nchi, mauzo ya nje kwa kawaida ndo yanawekwa hivyo ili kodi itozwe kule meza inakokwenda. Duka linatoza sifuri, lakini linadai 500 yake yote, serikali inairudisha. Zile 200 na 300 zilizokusanywa nyuma zinatoka zote, meza inavuka mpaka kwa 4,000 ikiwa haina kodi hata kidogo ndani, ilimradi marejesho yatoke kweli, maana yakikaa mwaka mzima hilo duka linakuwa limeikopesha serikali bure. Ikiwa meza zimesamehewa, duka halitozi na halidai. Ile 500 inakwama kwake kama ile 200 inavyokwama kwako, 3,000 na 1,500 inakuwa 4,500, na ndani kuna kodi 500 ambayo haionekani popote. Aliyesamehewa yuko kwenye hali yako hasa. Wanasiasa wakitangaza msamaha watu wanapiga makofi, wauzaji wenyewe wanaojua hesabu wanaomba kiwango sifuri.

Na ile kauli kwamba mnunuzi wa mwisho ndo analipa, ichukue kama mfumo ulivyokusudiwa, sio kwamba kila mara inatokea hivyo kamili. Mimi hesabu zangu zote nimechukulia kila mtu anapata 1,500 yake bila kupunguza. Sokoni mnunuzi anaweza kusema zaidi ya 4,500 sitoi. Hapo duka likiuza 4,500 VAT iliyomo ni 750, linabaki na 3,750, ukitoa 2,500 ya meza inabaki 1,250 badala ya 1,500. Serikali imepata asilimia 20 yake ya hiyo 3,750, lakini 250 ya maumivu kaibeba mwenye duka. Nani anabeba kiasi gani inategemea nani anaweza kuondoka mezani, mnunuzi mwenye pa kwenda kwingine atakuachia mzigo. Na kinyume chake pia, kodi ikipunguzwa sio lazima bei ishuke. Ufaransa Julai 2009 walishusha VAT ya migahawa kutoka asilimia 19.6 mpaka 5.5, bei za walaji zikashuka kidogo sana kuliko kodi ilivyoshuka, kiasi kikubwa kikabaki kwa wenye migahawa.

Ukiamua kujisajili, kabla ya siku ya usajili usitupe ankara za mbao zilizopo stoo. Nchi nyingi wanakuruhusu kudai VAT ya mali uliyonayo siku unaposajiliwa, wengine mpaka ya mashine ulizonunua karibuni, ila kwa ankara halali yenye namba ya usajili ya muuzaji na VAT imeandikwa peke yake. Ya mbao zilizokwisha kuwa meza na kuuzwa hiyo ilishaenda. Kwahiyo hata kama unafikiria tu, anza leo kumdai muuza mbao ankara kamili, sio ile karatasi ya mkono.